Shajara ya mradi: jedwali la bei na kilo kwa korosho zetu za Mikindani

6 Oktoba

Kikundi chetu hapa Mikindani kinabangua korosho na kuziuza kwenye pakiti za nusu kilo. Msimu mpya unaanza, minada imekaribia, na wanachama wanataka kujua kama bei ya pakiti ipande au ibaki ilipo. Nimepewa kazi ya kutengeneza mahesabu yatakayoonyesha faida ya mwezi ikiwa bei na kiasi tunachouza vitabadilika kwa pamoja. Nitaandika hapa kila hatua ili mweka hazina atakayekuja baada yangu ajue kila namba imetoka wapi.

Nimeanza na namba zenyewe kabla ya jedwali. Korosho ghafi iliyoko stoo ilitugharimu shilingi 3,200 kwa kilo hadi ikafika mlangoni kwetu. Kilo 4.5 za ghafi zinatupa kilo 1 ya korosho karanga zinazofaa kuingia kwenye pakiti, nzima na nusu. Vipande vidogo vinauzwa kwa waoka keki na pesa yake nimeiacha nje ya hesabu, maana haitabiriki. Kwa hiyo malighafi ya kilo moja iliyobanguliwa ni shilingi 14,400. Kubangua na kumenya tunalipa kwa kilo, shilingi 2,600. Mifuko na lebo 1,200. Kuni, gesi na umeme 800. Jumla ni shilingi 19,000 kwa kila kilo inayouzwa.

Kuna gharama ambazo tunalipa hata mwezi tusiouza kitu: pango, mlinzi, mshahara wa msimamizi wa stoo, marejesho ya mkopo wa oveni, maji na mengineyo. Zinafika shilingi 1,500,000 kwa mwezi.

Leo tunauza kilo kwa 26,000, yaani pakiti moja shilingi 13,000 kwa bei ya jumla, na kwa kawaida tunauza kilo 300 kwa mwezi. Kila kilo inaacha 7,000, mara 300 ni 2,100,000, toa 1,500,000, inabaki faida ya 600,000. Mama Mwenyekiti alipoiona namba hiyo alisema ni sawa na anachokiona benki mwisho wa mwezi, vipande vikiondolewa. Hiyo ndiyo iliyonipa moyo wa kuendelea, kwa sababu jedwali lililojengwa juu ya hesabu isiyolingana na benki halina kazi.

8 Oktoba

Nimeliweka jedwali kwenye Excel. Karatasi moja tu, kila kitu kionekane. Bei iko `B2`, kilo zinazouzwa `B3`, bei ya ghafi `B4`, kilo za ghafi kwa kilo moja `B5`, gharama nyingine za kila kilo `B6`, gharama za kudumu `B7`. Faida iko `B11`:

```
=(B2-B4*B5-B6)*B3-B7
```

Jedwali lenyewe linaanzia `D4`. Kisanduku hicho cha pembeni lazima kielekeze kwenye faida, kwa hiyo ndani yake nimeandika `=B11` na si zaidi. Kulia kwake, kuanzia `E4` hadi `I4`, zimekaa bei. Chini yake, kuanzia `D5` hadi `D9`, zimekaa kilo. Ukishachagua eneo lote la `D4:I9` unaingia `Data`, kisha `What-If Analysis`, kisha `Data Table`. Penye `Row input cell` unaweka `B2`, kwa sababu bei ndizo zilizolala kwenye mstari wa juu. Penye `Column input cell` unaweka `B3`. Excel inachukua kila bei na kila idadi ya kilo, inazipitisha kwenye modeli nzima, na kujaza visanduku 25 kwa mpigo.

Haya ndiyo yaliyotoka, kwa maelfu ya shilingi:

| Kilo | 22,000 | 24,000 | 26,000 | 28,000 | 30,000 |
|---|---|---|---|---|---|
| 200 | -900 | -500 | -100 | 300 | 700 |
| 250 | -750 | -250 | 250 | 750 | 1,250 |
| 300 | -600 | 0 | 600 | 1,200 | 1,800 |
| 350 | -450 | 250 | 950 | 1,650 | 2,350 |
| 400 | -300 | 500 | 1,300 | 2,100 | 2,900 |

Kabla ya kusoma chochote nilitafuta kisanduku cha 26,000 na kilo 300. Kinasema 600, sawa na modeli. Huo ndio ukaguzi wa kwanza, na kila anayefungua faili hili auanze nao.

Kwa ajili ya wenzangu nimegeuza makusudi `B2` na `B3` waone kinachotokea zikikaa mahali pasipo pake. Excel hailalamiki. Inachukua 300 kuwa bei na 26,000 kuwa kilo, na pale palipokuwa na faida ya laki sita panatokea hasara ya zaidi ya shilingi milioni 487. Kwa namba zetu kosa hilo linajionyesha lenyewe. Kwa biashara ambayo bei na idadi vinakaribiana kwa ukubwa, mtu anaweza kulipita bila kuligundua, na ndiyo maana ukaguzi wa kisanduku kimoja unachojua jibu lake ni wa lazima.

Mambo mengine mawili nimeyaandika pembeni ya karatasi kwa kalamu nyekundu. La kwanza, `B2` na `B3` lazima ziwe kwenye karatasi ileile yenye jedwali, la sivyo Excel inakataa. La pili ni la hatari zaidi kwa sababu haikatai: bei za mstari wa juu ziandikwe kwa mkono kama namba. Mtu akitaka kurahisisha kazi akaandika `=B2-2000`, basi Excel inapobadilisha `B2` ili ijaze jedwali, kichwa chenyewe nacho kinabadilika, na namba zinazotoka zinaonekana za kawaida kabisa huku zikiwa za uongo.

9 Oktoba

Leo nimekaa na jedwali bila kuongeza kitu. Nimesoma tu.

Ukisimama kwenye 600 ukaenda hatua moja kulia, yaani bei ipande 2,000 na kilo zibaki 300, faida inaongezeka 600,000. Ukienda hatua moja chini, yaani kilo 50 zaidi kwa bei ileile, inaongezeka 350,000. Ukienda kulia na chini kwa pamoja, mtu angetarajia 950,000. Jedwali linaonyesha 1,650, yaani ongezeko la 1,050,000. Ile laki moja ya ziada ni zile kilo 50 mpya nazo kuuzwa kwa bei iliyopanda 2,000. Na upande wa pili ni hivyohivyo: bei ikishuka huku wateja wakipungua, kushuka kwa moja kunabadilisha uzito wa kingine. Kwa sababu hiyo hatuwezi kutumia orodha mbili tofauti, moja ya bei na moja ya kilo, halafu tukajumlisha.

Jambo la pili ni mstari wa sifuri, pale faida inapogeuka kuwa hasara. Nimepaka visanduku vyote vya hasara rangi nyekundu kwa `Conditional Formatting` na mpaka ukajitokeza wenyewe, ngazi inayopanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu. Kwa bei ya 24,000 tunahitaji kilo 300 ili turudishe gharama. Kwa 26,000 tunahitaji 215. Kwa 28,000 ni 167, na kwa 30,000 ni 137. Angalieni nafasi kati ya namba hizo: kutoka 300 kwenda 215 ni kilo 85, kisha 48, kisha 30. Kupandisha bei kunatupa nafasi ya kupumua, lakini kila hatua inatoa nafasi ndogo kuliko iliyotangulia.

Hesabu yake ni fupi: gharama za kudumu gawanya kwa kinachobaki kwenye kila kilo. Kwa 28,000 kinabaki 9,000, na 1,500,000 gawanya kwa 9,000 ni 166 na ushee.

13 Oktoba

Nilimwonyesha Mama Mwenyekiti. Aliangalia kwa muda, akaweka kidole kwenye pembe ya chini kulia, penye 2,900.

"Mwanangu, na hapa nani anabangua?"

Ni swali la mtu anayeijua oveni. Mashine za kubangulia tunazo za kutosha na mikono ipo. Kinachotubana ni oveni ya kukaushia. Korosho ikishatolewa kwenye ganda gumu lazima ikaushwe ili ile ngozi ya ndani ilegee na kumenyeka, na oveni yetu moja, ikipakiwa kila siku ya kazi, haivuki kilo 320 kwa mwezi. Zaidi ya hapo tunakodi oveni ya pili na kumlipa mtu wa zamu ya usiku. Bei tuliyopewa ni shilingi 400,000 kwa mwezi, iwe tumekausha kilo 10 za ziada au 80.

Kwa hiyo gharama zetu za kudumu ni za kudumu hadi kilo 320 tu. Nimeongeza `B8` yenye 320 na `B9` yenye 400000, na fomula ya faida sasa ni hii:

```
=(B2-B4*B5-B6)*B3-B7-IF(B3>B8,B9,0)
```

Jedwali halikuhitaji kuguswa, kwa sababu linapitisha kila kitu kwenye `B11`. Mistari mitatu ya juu haikubadilika. Miwili ya chini yote imeshuka kwa 400.

Na hapa ndipo jedwali lilipoanza kusema kitu tusichokijua. Kwa bei ya 26,000, kilo 300 zinaleta 600,000, na kilo 350 zinaleta 550,000. Tunauza zaidi, tunachoka zaidi, tunapata pungufu. Kwa 24,000 ni mbaya zaidi: kilo 300 ni sifuri, kilo 350 ni hasara ya 150,000. Kwa 28,000 kilo 50 za ziada zinaongeza 50,000 tu juu ya 1,200,000, kiasi ambacho gunia moja likiingia maji kinapotea chote.

Nilitafuta ni kilo ngapi zinafanya oveni ya pili isitupunguzie faida ya leo kwa bei ya leo. Ili turudi kwenye 600,000 tulizokuwa tunapata kwa kilo 300, tunahitaji 2,500,000 gawanya kwa 7,000, yaani kilo 358. Kati ya 321 na 357 tunafanya kazi ya bure. Mistari ya jedwali langu inaruka kutoka 300 hadi 350 hadi 400, na shimo hilo liko katikati, kwa hiyo nimeongeza mistari ya 320 na 360. Mtu anayechagua hatua za jedwali aanze na mahali ambapo gharama inaruka, kisha ndipo azipange nyingine. Hatua sawasawa zinapendeza macho, ila zinaweza kuruka mahali penyewe panapohitaji kuonekana.

Kwa bei ya 26,000 kilo 320 zinaleta 740,000. Hicho ndicho kilele chetu bila oveni ya pili.

16 Oktoba

Mweka hazina anatumia simu, na faili letu amelifungua kwa Google Sheets. Huko hakuna `Data Table`. Sikutaka afanye kazi na picha ya jedwali, kwa hiyo nimeandika fomula ya kawaida ndani ya kila kisanduku, ikianzia `E5`:

```
=(E$4-$B$4*$B$5-$B$6)*$D5-$B$7-IF($D5>$B$8,$B$9,0)
```

Alama ya dola ndiyo inayofanya kazi yote. `E$4` inaruhusu safu ibadilike lakini inabaki kwenye mstari wa bei, `$D5` inabaki kwenye safu ya kilo lakini inashuka na mistari. Ukiiandika mara moja unaikokota kulia na chini. Ubaya wake ni kwamba fomula ya faida sasa iko mahali pawili. Mtu akiongeza gharama kwenye `B11` akasahau hapa, karatasi itakuwa na majibu mawili. Nimeweka kisanduku kinachotoa faida ya modeli kwenye kisanduku cha jedwali cha 26,000 na 300, na jibu lake lazima liwe sifuri.

Kwenye Excel kuna ugonjwa unaofanana na huo. Ukibadilisha bei ya ghafi ukaona faida imebadilika lakini jedwali limetulia, angalia `Calculation Options`. Ikiwa imewekwa `Automatic Except for Data Tables`, jedwali linasubiri ubonyeze `F9`.

20 Oktoba

Sasa sehemu ngumu. Jedwali linachukulia kwamba bei na kilo havijuani. Linakuonyesha 30,000 na kilo 400 kwenye karatasi moja na 22,000 na kilo 200, kana kwamba zote zinawezekana sawasawa. Mteja hafanyi hivyo. Ukipandisha bei anapunguza. Kati ya visanduku vyote, ni vichache tu ambavyo soko litatuachia tuvikanyage, na kazi yetu ni kuvitafuta.

Nilianza na daftari. Mapema mwaka huu tulikuwa tunauza kwa 24,000. Daftari la mauzo la miezi hiyo linaonyesha kilo 320 karibu kila mwezi, na mtu angesema hicho ndicho soko lilitaka. Lakini dada wa stoo ana daftari lake la oda, na humo kuna oda alizozikataa kwa sababu oveni imejaa. Ukizijumlisha unafika kama kilo 370. Hiyo 320 ilikuwa uwezo wa oveni. Tungeitumia kama kiu ya wateja, tungedhani bei ilipopanda hadi 26,000 tulipoteza kilo 20 tu, kumbe tulipoteza 70.

Na kukataa kule hakukutuumiza. Kwa 24,000, kilo 320 zilileta 100,000. Tungekodi oveni ili tuwatosheleze wote kilo 370, tungepata hasara ya 50,000.

Kwa bei ambazo hatujawahi kuuza sina daftari. Nimeuliza. Sikuuliza "je, ni ghali?", kwa sababu kila mtu atasema ndiyo. Niliuliza, "Mwezi ujao pakiti ikiwa 14,000, utachukua ngapi?" na nikaandika idadi mbele yake. Mnunuzi wetu wa Dar es Salaam anachukua kilo 120 sasa, kwa 28,000 atachukua 110, kwa 30,000 atachukua 90. Maduka ya Mtwara mjini yanachukua 110, yatashuka hadi 95, kisha 60. Hoteli na wauzaji wa stendi wanachukua 70, watashuka hadi 55, kisha 40.

Kushuka kwa maduka kati ya 28,000 na 30,000 kulinishangaza hadi mwenye duka mmoja aliponieleza akiwa nyuma ya kaunta. Sasa hivi anauza pakiti kwa 15,000. "Hiyo ni elfu kumi na elfu tano, mteja ananipa noti mbili anaondoka. Ikiwa elfu kumi na sita, atasita kidogo ila atatoa. Ukinipa kwa kumi na tano, mimi niuze ngapi? Kumi na saba na nusu? Hapo anaiacha pakiti mezani ananunua karanga." Wateja wake hawapungui kidogokidogo kama mstari ulionyooka. Wanapungua kwa vishindo, bei inapovuka kiasi fulani mkononi.

Jumla basi ni hivi: kwa 24,000 ni kilo 370, kwa 26,000 ni 300, kwa 28,000 ni 260, kwa 30,000 ni 190. Nimeziandika kama mstari wa pekee chini ya jedwali na kuzipitisha kwenye modeli. Faida zinazotoka ni hasara ya 50,000, faida ya 600,000, ya 840,000, na ya 590,000. Njia hii inakatiza jedwali kwa mshazari, kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, na haikaribii kabisa ile pembe ya milioni mbili na nusu ambayo macho ya kila mtu yanaikimbilia.

Nimeipaka pembe hiyo kijivu. Mweka hazina alitaka tuiache ionekane, watu wapate hamu. Nimekataa. Mtu akiona namba kwenye karatasi ya kikundi ataichukua kama ahadi.

23 Oktoba

Majibu ya wateja ni maneno, na kati ya neno na pesa kuna umbali. Kwa hiyo sikuwaambia wanachama kwamba 28,000 italeta 840,000. Niliwapelekea swali lililogeuzwa: tukipandisha hadi 28,000, tunaweza kupoteza kilo ngapi kabla ya kujuta?

Leo tunapata 2,100,000 kabla ya gharama za kudumu. Kwa 28,000, kila kilo ikiacha 9,000, tunahitaji kilo 234 kufika palepale. Kwa hiyo tunaweza kupoteza kilo 66 kati ya 300, na wateja wanasema tutapoteza 40. Hata wakiwa wamesema kwa upole na wakapunguza zaidi, tuna kilo 26 za akiba.

Kwa 30,000 tunahitaji kilo 191, na wateja wanasema 190. Hakuna akiba hata ya pakiti moja.

Kwa 24,000 tungehitaji kilo 500, pamoja na oveni ya kukodi. Mama mmoja aliyekuwa akisisitiza kwamba tushushe bei ili tuwashinde wauzaji wa barabarani alitaka kuona hesabu hiyo kwa mkono, bila kompyuta. Tulipofika kwenye 5,000 mara 500 toa 1,500,000 toa 400,000, alinyamaza, akauliza swali la maana kuliko yote ya kikao: "Na korosho ghafi ikipanda?"

27 Oktoba

Jedwali lina mihimili miwili tu. Kila kitu kingine kimesimama, na kilichosimama kwetu kwa uzito mkubwa ni malighafi. Kila shilingi 100 kwenye kilo ya ghafi ni shilingi 450 kwenye kilo ya pakiti.

Nimetengeneza nakala ya jedwali ambapo ghafi inafika stoo kwa 3,800 badala ya 3,200. Gharama ya kilo inatoka 19,000 hadi 21,700, na jedwali lote linateleza kuelekea wekundu. Safu ya 22,000 ni hasara yote. Bei yetu ya leo, 26,000 kwa kilo 300, inatoa hasara ya 210,000. Kwa 28,000 na kilo 260 inabaki faida ya 138,000, na kilo za kurudisha gharama zinapanda kutoka 167 hadi 239. Kwa 30,000 na kilo 190 inabaki 77,000.

Mweka hazina aliuliza kwa nini nihesabu 3,800 wakati magunia yaliyoko stoo yamelipwa 3,200 na yatatufikisha Januari. Ni kweli hadi Januari faida ya vitabuni itakuwa ya 3,200. Lakini sisi hununua ghafi msimu huu ili tubangue hadi msimu ujao, na pesa ya kununulia inatoka kwenye pakiti tunazouza sasa. Tukipanga bei kwa gharama ya gunia la zamani, tutafika mnadani na pesa isiyotosha kulijaza jipya. Nimeweka majedwali mawili bega kwa bega, la 3,200 na la 3,800, yenye bei na kilo zilezile, ili mtu aone kisanduku kilekile kinavyobadilika rangi.

Lililonipa uhakika si ukubwa wa faida. Ni kwamba 28,000 ndiyo bei pekee kati ya nne tulizokadiria kilo zake ambayo inaongoza kwenye majedwali yote mawili, kwa kilo ambazo wateja wenyewe wametaja. Akiba yake kwenye jedwali la pili ni nyembamba, kilo 21 tu juu ya sifuri, na hilo nimelisema waziwazi.

Wanachama wamekubali: kilo kwa 28,000, pakiti kwa 14,000, kuanzia tarehe 1 Novemba. Oveni ya pili haikodishwi.

3 Desemba

Mauzo ya Novemba yamefungwa. Mnunuzi wa Dar es Salaam alichukua kilo 110, kama alivyosema. Maduka ya mjini 88, pungufu ya kilo 7 ya walizotaja. Hoteli na stendi 50, pungufu ya 5. Jumla kilo 248. Faida ni 9,000 mara 248 toa 1,500,000, yaani 732,000.

Iko chini ya 840,000 tulizozikadiria na juu ya 600,000 za bei ya zamani. Tulikuwa na ruhusa ya kushuka hadi 234 na tumebaki juu yake kwa kilo 14. Kosa la makadirio halikugawanyika sawasawa: mnunuzi mkubwa alitimiza neno, wadogo wote walipungua zaidi ya walivyosema. Nimepunguza makadirio ya maduka na stendi kwenye mstari wa 28,000, na ule wa 30,000 nimeukata kwa kiwango hichohicho. Huko ilikuwa 60 na 40, sasa ni 56 na 36, jumla 182, na faida yake inashuka hadi 502,000. Mjadala wa 30,000 nimeufunga kwa mwaka huu.

Kwenye jedwali la 3,800, kilo 248 zinaacha 62,000 tu. Kwa hiyo kazi inayofuata iko kwenye `B5`. Kilo 4.5 za ghafi kwa kilo moja ya pakiti ni kwa sababu korosho nyingi zinavunjika wakati wa kubangua na kuishia kwenye vipande. Tukifika 4.2, kwa ghafi ya 3,800 tunaokoa 1,140 kwa kila kilo, na kwa kilo 248 hiyo ni zaidi ya 280,000 kwa mwezi bila kumgusa mteja. Nimeomba msimamizi apime kila gunia kabla na baada ya kubangua kuanzia Jumatatu, na jedwali lijalo litakuwa na kilo za ghafi kwenye mstari wa juu mahali pa bei.